Seva tatu ndani ya kompyuta moja

Anayesomea kazi ya kusimamia seva hufika mahali ambapo kitabu hakimsaidii tena. Amesoma kwamba klasta ya seva tatu huendelea na kazi hata moja ikizimika, kwamba mashine zilizokuwa juu ya ile iliyokufa huamka zenyewe kwenye zile mbili zilizobaki, na kwamba seva ikibaki peke yake hukosa akidi na kukataa kuamua jambo lolote. Yote ni kweli, lakini hayaingii kichwani mpaka uzime seva moja kwa mkono wako, ukae ukitazama saa. Na seva tatu, pamoja na swichi, nyaya na umeme wake, ni mzigo ambao wanafunzi wengi na vyuo vingi haviuwezi.

Njia ipo ya kufanya mazoezi hayo yote juu ya kompyuta moja yenye nguvu, ikiendesha Linux na KVM. Kwa mfano wetu tuchukue kompyuta ya mezani yenye prosesa ya AMD Ryzen 9 7950X, ambayo ina viini 16 na nyuzi 32, kumbukumbu ya GB 128, diski ya NVMe na kadi moja ya grafiki ya NVIDIA RTX 3060. Prosesa hiyo ina grafiki yake ndogo ndani, na jambo hilo dogo litatuokoa huko mbele.

KVM si programu ya pembeni. Ni sehemu ya kerneli ya Linux tangu toleo la 2.6.20 la Februari 2007, na iliandikwa kwanza na Avi Kivity katika kampuni ya Qumranet. Ufundi wake ni kuitegemea prosesa yenyewe. Intel na AMD walikuwa wameongeza kwenye prosesa zao amri za kuendesha mashine pepe, Intel wakiziita VT-x na AMD wakiziita SVM. Kwa amri hizo, mashine pepe, ambayo tutaiita mgeni, hukimbia moja kwa moja juu ya prosesa bila kutafsiriwa neno kwa neno. Ikijaribu kufanya jambo ambalo si haki yake, kwa mfano kuagiza kifaa, prosesa huisimamisha, humrudishia mwenyeji usukani, mwenyeji hulishughulikia jambo lile, kisha mgeni huendelea pale alipoachia. Safari hiyo ya kutoka kwa mgeni kwenda kwa mwenyeji na kurudi ndiyo gharama kubwa ya mashine pepe. Kila mnong'ono wa ucheleweshaji utakaousikia katika maabara yako, mara nyingi chimbuko lake ni idadi ya safari hizo.

Sasa, seva tunazotaka kujifunzia nazo ni seva ambazo kazi yake yenyewe ni kuendesha mashine pepe. Tukisimamisha nodi tatu za Proxmox kama wageni, kila nodi itataka kuwa mwenyeji wa wageni wake. Hapo tunakuwa na ngazi tatu. Wataalamu huziita L0, yaani kompyuta yenyewe ya chuma. L1, yaani nodi zetu. Na L2, yaani mashine pepe zilizo ndani ya nodi. Tatizo ni kwamba prosesa haizijui ngazi tatu. Inajua mwenyeji mmoja na wageni wake, basi.

Suluhisho lake lilielezwa vizuri mwaka 2010 na watafiti wa IBM kutoka Haifa, katika kazi waliyoiita The Turtles Project. L0 huigiza mbele ya L1 kwamba amri za SVM au VT-x zipo. L1 anapodhani anaanzisha mgeni wake, kwa kweli L0 ndiye anayemwanzisha, akichanganya matakwa ya L1 na ya kwake mwenyewe. Kwa hiyo L2 naye hukimbia juu ya prosesa halisi, moja kwa moja. Lakini akitaka kitu kisichokuwa haki yake, safari inakuwa ndefu: anatoka kwenda L0, L0 anaona kwamba hili ni la L1, anamwamsha L1, L1 katika kulishughulikia naye anatumia amri nyeti ambazo zinamrudisha L0 tena, na ndipo L2 huamka. Safari moja imezaa kadhaa. Watafiti hao waliweza kufikia upungufu wa asilimia 6 hadi 8 tu kwa kazi za kawaida, ukilinganisha na mashine pepe ya ngazi moja.

Ukielewa hilo unaweza kutabiri maabara yako itakuwa mwepesi wapi na mzito wapi. L2 anayepiga hesabu, anayekusanya programu au anayejibu ukurasa mdogo wa wavuti hutagundua tofauti yake. L2 anayeandika diskini mara kwa mara au anayepokea vipande vidogo vingi vya mtandao atasuasua, maana kila kishindo ni safari.

Tuanze kujenga. Kwenye BIOS washa SVM Mode, na papo hapo washa IOMMU, tutaihitaji kwa ajili ya kadi. Kompyuta ikiamka uliza kama moduli ya KVM inaruhusu mgeni ndani ya mgeni:

```
cat /sys/module/kvm_amd/parameters/nested
```

Jibu liwe `1`. Kwenye AMD huwa hivyo bila kuguswa. Wenye Intel watauliza `kvm_intel`, na huko ruhusa hiyo imekuwa wazi yenyewe tangu kerneli ya 4.20, kwenye kerneli ya zamani zaidi inabidi kuiandika kwa mkono. Hatua ya pili ndiyo inayosahaulika. Nodi lazima ionyeshwe prosesa kama ilivyo, pamoja na amri zake za mashine pepe. Katika maelezo ya mgeni, ukiyafungua kwa `virsh edit nodi1`, mstari wa prosesa uwe hivi:

```
<cpu mode='host-passthrough'/>
```

Kisha ingia ndani ya nodi yenyewe na uhakikishe:

```
grep -c svm /proc/cpuinfo
ls -l /dev/kvm
```

Ukiipa nodi prosesa nne, jibu la kwanza liwe 4. Likiwa 0, nodi imeonyeshwa prosesa ya kuigiza ambayo amri hizo hazimo, na `/dev/kvm` haitakuwepo. Proxmox hukwambia wazi inapokosa: `KVM virtualisation configured, but not available`. Mifumo mingine haisemi, na hapo ndipo watu hupoteza siku. Programu ya QEMU, ikiruhusiwa, huanza kutafsiri kila amri ya prosesa kwa programu tupu. L2 anaamka, ila anachukua dakika nyingi kufika mahali pa kuandika jina la mtumiaji, huku prosesa ikiunguruma kwa asilimia 100. Mtu hulaumu ngazi tatu kuwa ndizo nzito, kumbe KVM haijaguswa kabisa. Angalia `virsh dumpxml` ya yule L2. Mstari wa kwanza ukisema `type='qemu'` badala ya `type='kvm'`, umeshampata mchawi.

Mtandao nao una mtego wake. Libvirt inapenda kutumia anwani za 192.168.122.0/24 kwa mtandao wake wa kawaida. Ukiisakinisha kwa mwenyeji na tena ndani ya mgeni, mgeni anaweza kujikuta na mtandao uleule mara mbili, mmoja wa nje na mwingine wa ndani, na pakiti zake zikapotelea ndani badala ya kutoka. Dalili yake ni nodi iliyokuwa na intaneti jana na leo haina, baada tu ya kuwekewa libvirt. Andika `ip route` ndani ya nodi. Ukiona safu hiyo imetajwa kwenye njia mbili, badilisha ya ndani iwe, tuseme, 192.168.150.0/24.

Kila nodi yetu nimeipa prosesa nne, kumbukumbu ya GB 16, diski moja ya mfumo na diski moja ya pili kwa ajili ya Ceph, mfumo unaogawa data kwenye nodi zote. Kwa kawaida Ceph huweka nakala tatu za kila kipande na hukubali kuendelea kuandika zikibaki mbili. Diski hizo zote tatu kwa kweli ni mafaili au vipande vya NVMe ileile, kwa hiyo kila L2 anachoandika kinaandikwa mara tatu kwenye chuma kimoja. Mimi naona hili lisemwe mapema kwa wanafunzi: maabara hii inafundisha tabia ya klasta, haipimi kasi yake. Namba yoyote ya kasi ya diski utakayoipata humu usiipeleke kwenye ripoti.

Sasa zoezi lenyewe. Weka L2 mmoja mdogo kwenye nodi2, mwandikishe kwenye huduma ya Proxmox ya kufufua mashine, kisha ukate umeme wa nodi2 ukiwa kwenye kompyuta yenyewe:

```
virsh destroy nodi2
```

Jina la amri hii linatisha bure. Haifuti chochote, ni sawa na kuchomoa waya ukutani. Nenda nodi1 uandike `pvecm status`. Utaona kura zinazotarajiwa ni 3, zilizopo ni 2, na `Quorate: Yes`. Mashine ya L2 imekufa lakini hakuna anayeharakisha kuifufua, na mwanafunzi huanza kudhani kuna kitu hakifanyi kazi. Klasta inasubiri kwa makusudi. Haijui kama nodi2 imekufa kweli au imekatika mtandao tu huku L2 akiendelea kuandika diskini, na kumwamsha L2 wa pili juu ya diski ileile kungeiharibu data yote. Kila nodi yenye mashine za kufufuliwa ina mlinzi wa ndani anayeiwasha upya ikikosa akidi kwa sekunde 60. Klasta inampa mlinzi huyo nafasi ya kufanya kazi yake, ndipo inamwamsha L2 mahali pengine. Kwa jumla huwa ni kama dakika mbili.

Sasa kata na nodi ya pili, ukiacha ile iliyompokea L2. Nodi iliyobaki itaandika `Activity blocked`, folda ya `/etc/pve` itakataa kuandikwa, na baada ya dakika moja nodi hiyo nayo itajizima ghafla na kuanza upya, bila mtu kuigusa. Wasiojua husema imeharibika. Imetii sheria ileile: imekosa akidi, haiwezi kujua wenzake wanafanya nini, kwa hiyo inajiondoa. Ukiliona hilo mara moja hutalisahau siku ukiwa kwenye chumba cha seva halisi, usiku, na nodi zinajiwasha upya moja baada ya nyingine.

Tahadhari moja kabla ya kufunga sehemu hii. Kwenye AMD, nodi ikishaanzisha L2, nyaraka za kerneli zinakataza kuihifadhi hali yake kwa `virsh save` au kuihamisha mpaka L2 azimwe. Ukivunja sheria hiyo unaweza kupata ajali ya kerneli ndani ya nodi au L2 aliyeganda. Kwenye Intel uhamisho huo unafanya kazi tangu kerneli ya 5.3 pamoja na QEMU 4.2. Kumhamisha L2 mwenyewe kati ya nodi na nodi hakuna shida. Kwa hiyo jioni, kabla ya kufunga maabara, zima L2 wote, zima nodi, ndipo uchukue nakala ya diski zake.

Kadi ya grafiki inakwenda kwa mantiki tofauti kabisa. Prosesa na kumbukumbu hugawika. Kadi ya RTX 3060 haigawiki. Hukabidhiwa nzima kwa mgeni mmoja, na kwa muda wote huo mwenyeji hana haki nayo. Kinachowezesha hilo ni IOMMU. Kadi ina uwezo wa kusoma na kuandika kumbukumbu ya kompyuta bila kupitia prosesa. Drayva iliyo ndani ya mgeni huipa kadi anwani za kumbukumbu kama mgeni anavyozijua, ambazo si anwani za kweli. IOMMU hukaa katikati, ikizigeuza anwani hizo na kuzuia kadi isiguse kumbukumbu ya mwingine.

IOMMU hailindi kifaa kimojakimoja bali kikundi, na kikundi hukabidhiwa chote au hakikabidhiwi. Hilo ndilo la kuangalia kabla ya kununua kadi ya pili au kubadilisha mazabodi:

```
ls /sys/bus/pci/devices/0000:01:00.0/iommu_group/devices
```

Jibu zuri ni vifaa viwili, `0000:01:00.0` na `0000:01:00.1`: kadi na chombo chake cha sauti kinachopita kwenye HDMI. Nafasi ya juu kwenye mazabodi, iliyounganishwa moja kwa moja na prosesa, kwa kawaida hutoa jibu hilo. Nafasi za chini, zinazopitia chipu ya mazabodi, mara nyingi huwa zimefungwa kundi moja na kadi ya mtandao na milango ya USB. Ukikuta hivyo, hamisha kadi. Kuna kiraka cha kerneli kinachoilazimisha ivunje vikundi, lakini hakimo kwenye kerneli rasmi, na kinachofanya ni kudai utengano ambao chuma hakijauthibitisha. Kwa maabara ya chumbani, shauri yako. Kwa mashine inayotumiwa na wanafunzi wasiofahamiana, mimi siungi mkono.

Kisha mwenyeji azuiwe kuishika kadi tangu anapoamka. Namba za kadi huonekana kwa `lspci -nn`. Kwa kadi yetu, faili la `/etc/modprobe.d/vfio.conf` linakuwa hivi:

```
options vfio-pci ids=10de:2504,10de:228e
softdep nouveau pre: vfio-pci
softdep nvidia pre: vfio-pci
```

Kwenye Debian na Ubuntu fuatisha `update-initramfs -u`, washa upya, kisha andika `lspci -nnk -s 01:00.0`. Unatafuta mstari mmoja tu: `Kernel driver in use: vfio-pci`. Ukisoma `nouveau` au `nvidia` hapo, usiendelee.

Hitilafu inayosumbua zaidi hutokea hata mstari huo ukiwa sawa. Mgeni anaanza, skrini ni nyeusi, na kumbukumbu za kerneli za mwenyeji zinajaa maneno `BAR 1: can't reserve`. Maana yake ni kwamba mwenyeji alipoamka alichora skrini yake kupitia kadi hiyo, na bado ameshikilia kipande cha kumbukumbu yake. Hapa ndipo grafiki ndogo ya ndani ya prosesa inapotuokoa. Kwenye BIOS ichague iwe ya kwanza, chomeka skrini kwenye mazabodi na si kwenye kadi, na kadi itafika kwa mgeni haijaguswa na mtu. Wenye kadi za AMD za miaka ya Polaris, Vega na Navi ya kwanza wana tatizo la aina nyingine: mgeni wa kwanza anafanya kazi vizuri, ukimzima na kumwasha tena kadi haiamki mpaka uwashe kompyuta nzima upya, kwa sababu kadi hazirudi vizuri kwenye hali ya mwanzo. Na yale maneno ya Code 43 kwenye Windows, yaliyowatesa wenye GeForce kwa miaka, NVIDIA waliyaondoa kwenye drayva zao mwaka 2021.

Swali linalofuata ni la wapi pa kuiweka kadi. Kishawishi ni kuipitisha nodi na kuifikisha kwa L2, ili klasta ionekane kamili. Inawezekana: nodi hupewa IOMMU ya kuigiza, nayo huikabidhi kadi kwa mgeni wake. Lakini kila mara ramani ya IOMMU hiyo ya kuigiza inapobadilishwa, L0 lazima aingilie kati, na hitilafu ikitokea utatafuta chanzo kwenye kerneli tatu. Ushauri wangu ni kuiweka kadi kwenye L1 wa nne, mgeni wa kawaida aliye kando ya nodi, na kuunganisha naye kwa mtandao. Mazoezi ya kufundisha modeli au ya CUDA yanafanyika humo kwa kasi inayokaribia ile ya chuma, na klasta inaendelea na mambo yake.

Mgeni huyo wa nne ana tabia moja inayobadilisha hesabu ya kumbukumbu yote. Nodi za Proxmox, ukiziandikia GB 16, huchukua tu kile wanachokigusa, na kwa kuwa zinafanana, huduma ya KSM ya kerneli inaweza kuziunganishia kurasa zinazolingana. Mgeni mwenye kadi hana huruma hiyo. Kadi inaweza kuandika mahali popote kwenye kumbukumbu ya mgeni wakati wowote, kwa hiyo kumbukumbu yake yote hufungwa mahali pake tangu sekunde ya kwanza. Haihamishwi, haiunganishwi, haikopeshwi. Ukimpa GB 32, zote zimekwenda hata akiwa amekaa bure. Katika kompyuta yetu hesabu inakuwa 48 za nodi na 32 za kadi, zinabaki 48 kwa mwenyeji na kwa akiba ya kusoma diski. Kwenye kompyuta ya GB 64 hesabu hiyo haitoshi, na dalili yake ni mgeni mwenye kadi kukataa kuanza pale nodi zinapokuwa zimeshaamka na kujaza kumbukumbu. Mwashe yeye kwanza, au punguza nodi ziwe na GB 8 kila moja na uache L2 wawili tu kwenye klasta nzima.